Nywele Nyingi, Mstari Mmoja

Kabla hata hajagusa mkasi, Anti, fundi wangu wa nywele, alizikusanya nywele zangu kisogoni, akazifunga kwa mpira, kisha akatoa tepu ya kushonea kwenye mfuko wa aproni yake na kuuzungushia ule mkia. Sentimita 13. "Mkia ukipita 10," akasema, "hizo ni nywele nyingi." Halafu akachomoa unywele mmoja, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanipa nami nifanye vivyo hivyo. Nikausikia kama uzi wa cherehani. "Na hizi ni nene pia. Watu huchanganya nyingi na nene, ndiyo maana wanakosea kuzikata."

Nimekaa na nywele hizi miaka 34 na hakuna aliyewahi kunitenganishia maneno hayo mawili. Kwetu Mombasa nyanya yangu alisema tu kwamba nina nywele za upande wa babu, nyeusi, zilizonyooka, nzito mpaka shingo inachoka. Nilipohamia Nairobi na kukaa South C nilizidi kuziacha zikue, kwa sababu kila nilipozikata zilinisikitisha. Juu zimelala kama zimepigwa pasi, chini zimetanuka kama kengele. Nikijitazama kwenye kioo naona pembetatu.

Mwaka huu niliamua nizikate zote usawa mmoja, bila ngazi, mstari ulionyooka kutoka mbele hadi nyuma. Nataka kueleza jinsi nilivyofikia uamuzi huo na jinsi ulivyofanywa, kwa sababu nilikwisha kuharibiwa mara mbili na sitaki mwingine apitie hayo.

Mara ya kwanza nilikwenda saluni moja ya mjini. Nikaomba mstari mmoja usawa wa kidevu. Yule dada alizilowesha chapachapa, akazivuta kwa kitana chembamba, akakata. Zikiwa mbichi zilionekana nzuri ajabu. Zilipokauka zilipanda hadi karibu na ndewe ya sikio, zikajitandaza pande zote mbili. Mara ya pili, saluni nyingine, nililalamika kwamba zinavimba, na yule fundi akanijibu dawa yake ni kuzipunguza. Akachukua mkasi wa meno, ule unaokata unywele mmoja na kuacha mwingine, akaupitisha kila mahali kuanzia katikati ya kichwa hadi kwenye ncha. Sakafu ilijaa nywele. Nilitoka nikiwa mwepesi na mwenye furaha. Baada ya wiki tatu hivi zile fupi zikaanza kukua, na zilipokua zikasimama. Kichwa kikawa kipana kuliko mwanzo, na ncha zikawa nyembamba na kuchanikachanika kama ufagio wa zamani.

Anti ndiye aliyenieleza kilichotokea. Saluni yake iko Parklands, ina chumba cha nyuma chenye pazia, na mimi ninayefunika nywele hilo lilikuwa sharti la kwanza. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ngara, na wateja wake wengi ni Wahindi, Wasomali na sisi watu wa pwani, yaani watu ambao nywele nyingi zilizonyooka kwao ni jambo la kila siku.

"Unywele mnene ukiwa mfupi haulali," alisema. "Hauna uzito wa kuuvuta chini. Unasimama, na kwa kusimama unausukuma ule mrefu ulio juu yake. Sasa wewe umewekewa elfu kadhaa wa namna hiyo, wote chini ya zile ndefu." Kwa mtu mwenye nywele nyingi lakini nyembamba, mkasi wa meno unaweza kusaidia, maana fupi zake ni laini na hukubali kulala. Kwangu mimi ulikuwa kama kuweka chemchemi ndani ya godoro.

Basi kwa nini ncha zivimbe hata pale ambapo hakuna aliyepitisha mkasi wa meno? Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Nywele zinaota kichwa kizima, kuanzia utosini hadi shingoni. Ukizikata zote ziishie mstari mmoja, unywele wa utosini na wa shingoni zinakutana mahali pamoja. Utosini pana nywele za utosini peke yake, ila pale kwenye mstari pana nywele zote. Kwa hiyo mstari lazima uwe mnene kuliko juu, na zile za chini kabisa, zilizoota shingoni, zinakaa ndani na kuzisukuma za nje zitoke.

Sababu ya pili ni maji. Unywele hunyonya unyevu hata wa hewani, na ukinyonya huongezeka unene zaidi kuliko urefu. Ukilowa kabisa unene wake unaweza kuongezeka kwa kiasi cha asilimia 15, huku urefu ukiongezeka asilimia 1 au 2 tu. Kwa unywele mmoja hilo halionekani. Kwa mkia wa sentimita 13 linaonekana vizuri sana. Na ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele: kama nywele zinakua kiasi cha sentimita 1.25 kwa mwezi, ncha ya nywele zilizofika katikati ya mgongo imeshaona miaka mitatu au minne ya jua, pasi na kuchanwa. Magamba yake ya nje yamechakaa, kwa hiyo inanyonya haraka kuliko shina. Ndiyo maana juu kunatulia na chini kunafutuka.

Nilipoelewa hivyo nikaona kwamba mstari mmoja haukuwa kosa langu. Kinyume chake, mstari mzito ulionyooka una uzito wake wote chini, na uzito huo ndio unaozishikilia nywele zisipae. Tatizo ni mahali mstari unapoishia, na zipi kati ya zile nywele zinaruhusiwa kuufikia.

Tuanze na mahali. Nilikuwa na picha kwenye simu, ya Nancy Kwan, mwigizaji mzaliwa wa Hong Kong ambaye fundi wa nywele Vidal Sassoon alimkata London mwaka 1963. Alikuwa na nywele ndefu, nyingi, zilizonyooka, zikakatwa hadi usawa wa taya. Nilimwonyesha Anti nikiwa na hakika kwamba huo ndio mstari mmoja ninaoutaka. Akaikuza picha kwa vidole vyake viwili, akatikisa kichwa. "Tazama nyuma. Shingoni ni fupi, mbele ni ndefu, na pale nyuma zimepandishwa ngazi ndogondogo ili zilale ndani. Huu si usawa mmoja, mwanangu. Ukinitaka nikukate huu nitakukata, lakini tuutaje kwa jina lake."

Alikuwa sahihi, na nashukuru alinisimamisha pale. Nisingeuweza ule mkato hata hivyo, kwa sababu nywele za usawa wa taya hazikai chini ya mtandio, zinachomoza mashavuni kila baada ya saa moja. Na kuna jambo jingine: kadiri nywele zinavyokuwa fupi, ndivyo uzito wa kuzivuta unavyopungua, na kwenye taya ndipo uso wangu ulipo mpana. Mstari ungesimama palepale na kuuongezea upana.

Kukata mpaka begani nako alikukataa. Nywele zikifika begani zinagonga, zinakunjika kwenda nje, na kila ukigeuza shingo zinachotwa. Zikivuka bega na kufika mfupa wa kifuani zinatulia, lakini mimi nilikuwa nimechoka na uzito na nilitaka shingo ipumue. Tukabaki na nafasi moja: vidole viwili juu ya bega, mahali shingo inapoanza kupinda kwenda begani. Hapo mstari unaning'inia hewani, haugusi kitu, na pia uko chini ya taya. Aliniambia nisimame, nikae, niinamishe kichwa, nigeuke, huku akishika kitana pale kwenye usawa huo aone kama bega linakifikia nikiwa nimekaa kivivu. Lilikifikia kidogo upande wa kulia, maana bega langu la kulia liko juu. Akapandisha kidogo.

Kisha swali la shingoni. Njia yake ya kawaida kwa mteja mwenye nywele kama zangu ni kunyoa ukanda wa chini kabisa kwa mashine yenye kitana namba 3, kama sentimita 3 kwenda juu kutoka pale nywele zinapoanzia, kutoka nyuma ya sikio moja hadi jingine. Ukanda huo unafichwa na nywele za juu, na unaondoa sehemu kubwa ya zile zinazosukuma kutoka ndani. Nilimwomba asinyoe. Katika dini yetu kumekatazwa kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, na sikutaka kutafuta mwanya. Hakubishana. Akasema basi tutumie mkasi, ila nijue matokeo hayatakuwa mepesi kama ya mashine. Kwa upande mwingine, nywele zilizonyolewa zikianza kuota huchoma shingo na baada ya miezi miwili mitatu husukuma upya, kwa hiyo anayenyoa lazima arudi kila mara.

Aliziosha, akazikamua kwa taulo, akazikausha mpaka zikawa na unyevunyevu tu. Hapo nikakumbuka lile kosa la kwanza. Nywele zilizolowa hunyumbulika, na ukizivuta kwa kitana kisha ukakata, unakata urefu ambao haupo. Anti alitumia kitana cha meno mapana, akazichana kisha akaziachilia ziangukie shingoni zenyewe, na kuzishikilia kwa mgongo wa kitana tu. Kichwa changu kilikuwa wima. Aliacha sentimita 1.5 ya ziada chini ya mstari tuliokubaliana.

Alizigawa mafungu manne kwa mstari wa katikati na mwingine kutoka sikio hadi sikio, akayabana kwa klipu, kisha akaanza kuteremsha kutoka nyuma, utepe mmoja wa unene wa sentimita 2 kwa wakati. Utepe wa kwanza, ule wa shingoni, aliukata sentimita 2 juu ya mstari. Hizo ndizo nywele ambazo hazitafika. Nilimuuliza mbona hazitasimama kama zile za mkasi wa meno, akaniwekea kidole kisogoni na kukiteremsha polepole: kichwa kinatoka nje, halafu shingo inaingia ndani. Pale pana nafasi. Nywele fupi zikikaa ndani ya lile bonde, zikiwa zimefunikwa na uzito wa wenzake, zinalala. Zile za utosini hazina bonde la kujificha.

Utepe wa pili ulifika kwenye mstari. Kila uliofuata aliuacha mrefu kuliko uliotangulia kwa milimita 2 hivi. Ni kiasi kidogo ambacho jicho halikioni, ila kwa sababu hiyo za nje zinazifunika za ndani na ncha zote zinaelekea shingoni. Kama za ndani zingekuwa ndefu kuliko za nje, hata kwa unywele mmoja mmoja, zingezigeuza nje. Alipofika masikioni alilegeza kabisa mkono. Sikio linainua nywele, na fundi akizivuta pale, zikikauka zinaacha pengo juu ya mstari. Nimewahi kutembea na pengo hilo miezi minne.

Halafu akazikausha zote, kavu kabisa, hewa ikielekea chini. Ndipo alipokata mara ya pili, na hii ya pili ndiyo iliyotoa mstari wenyewe. Zilikuwa zimepanda karibu sentimita 1, kwa hiyo ile ziada ilikuwa na kazi. Alisawazisha kwa kukata kidogokidogo, kila mara akinitaka nitikise kichwa na kuacha nywele zirudi zenyewe.

Kilichobaki ni unene wa katikati, na hapa ndipo niliposhika mikono ya kiti. Alitoa mkasi wa kawaida, si ule wa meno. Akainua tabaka la juu, upana wa vidole vitatu kila upande wa njia ya nywele, akalibana utosini: hilo haliguswi, ni pazia. Nywele za kuzunguka uso nazo haziguswi. Chini ya pazia akachukua vifungu vyembamba vya wima, akasimamisha mkasi ukielekea juu kama penseli, akaingiza ncha zake na kutoa nywele chache katika kila kifungu, ziishie sentimita 2 au 3 juu ya mstari. Kifungu kimoja anakata, kinachofuata anakiacha. Zile zilizokatwa bado ni ndefu karibu sawa na nyingine, hivyo uzito wao unatosha kuzilaza, lakini hazifiki chini kuongeza msongamano. Nilizitazama zilizoanguka: zilikuwa vipande vifupi vya sentimita 2 na 3, konzi moja tu. Mara ile ya mkasi wa meno zilikuwa za kila urefu.

Mwisho aliniambia niupitishe mstari kati ya vidole, kutoka sikio hadi sikio. Ukifika mahali panene ghafla, hapo bado panahitaji kazi. Ukifika mahali vidole vinakaribia kugusana, hapo amezidisha, na hakuna dawa isipokuwa kusubiri. Nilikuta mahali pamoja panene nyuma ya sikio la kushoto. Akapapunguza kidogo, basi. Kisha nikavuta shungi mbili za mbele hadi chini ya kidevu nione kama zinalingana.

Nyumbani nimebadilisha mambo machache tu. Mafuta ya nazi, ambayo nyanya alitupaka baada ya kuoga, sasa napaka usiku kabla ya kuosha, kuanzia katikati hadi kwenye ncha. Mafuta haya huingia ndani ya unywele na kupunguza maji unayonyonya, kwa hiyo yakipakwa kabla ya maji, yanafanya kazi. Yakipakwa baadaye juu ya mstari uliokatwa butu, ncha zinashikana vifungu vifungu na mstari unapotea. Shampuu inaishia kwenye ngozi ya kichwa, kondishena inaanzia usawa wa masikio kwenda chini. Nakamua kwa fulana ya pamba bila kusugua. Nazikausha kwa blodraya yenye mdomo mwembamba, nikiielekeza kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa magamba ya unywele yanaelekea kwenye ncha na hewa inayotoka chini huyainua. Siachi kukausha mpaka ndani, shingoni kabisa, pakauke. Hapo ndipo nilipokuwa nikijidanganya siku zote: nje kavu, ndani pana unyevu, na baada ya saa mbili unyevu wa ndani umezivimbisha za nje.

Kwa wenzangu tunaofunika, mtandio nao una sehemu yake. Nilikuwa nikifunga kibanio nywele zikiwa bado mbichi, asubuhi ya haraka, kisha mtandio juu yake. Nywele hushika umbo zinalokaukia. Jioni nikivua, ncha zimekunjika nje na hazirudi mpaka niloweshe tena. Sasa navaa kofia ya satini ndani, nywele zimeteremshwa wima na kulala shingoni, bila kibanio. Na wakati wa udhu, kwa kuwa kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi inatosha kupaka sehemu ya kichwa, napaka kwa mkono uliokung'utwa pale mbele kwenye mashina, wala sivuti maji hadi kwenye ncha kama nilivyozoea. Zile shungi mbili za usoni zilikuwa zinavimba kuliko zote na sikujua ni kwa nini.

Katika saluni mbili niliwahi kushawishiwa nifanyiwe keratini, dawa ya kunyoosha nywele. Nywele zangu zimenyooka tayari, shida yangu ilikuwa wingi na mahali pake, na nyingi ya dawa hizo zikipigwa pasi hutoa mvuke wa fomaldehaidi unaochoma macho na koo. Sikuona sababu.

Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu, mstari wangu ulikaa siku nne bila kuguswa. Mvua za masika zilipoanza ukawa unatanuka kidogo jioni, kama upana wa kidole kila upande, nami nikauzoea. Sikukuu ya Idi nilikwenda Mombasa. Siku ya pili asubuhi, kwenye baraza la mama, zilikuwa zimejaa tena. Joto lile na bahari ile mkasi hauviwezi. Ila hazikugeuka nje. Mama alizishika kwa mikono miwili, akazipima uzito kama anavyopima mchele, akasema, "Zimejaa, lakini zimekaa."

Narudi kwa Anti kila wiki ya nane. Wakati huo zimeshakua zaidi ya sentimita 2, vile vidole viwili juu ya bega vimekaribia kwisha, na upande wa kulia, wa lile bega lililo juu, umeanza kugonga na kukunjika. Safari iliyopita hakugusa za ndani kabisa. Alikata mstari peke yake na ule utepe wa shingoni, akasema za katikati tutazitazama baada ya miezi sita, kwa sababu kila ukizipunguza unaongeza fupi, na fupi zikizidi tutarudi tulikotoka.